Zuhura Hupewa Jua Maradufu, Hubaki na Kidogo

Ukiacha Jua na Mwezi, hakuna kinachong'aa angani kama Zuhura. Kuna majira ambayo huonekana upande wa magharibi kabla giza halijaingia sawasawa, na asiyeijua hudhani ni taa ya ndege inayokuja kutua. Mwanga ule si wake. Ni wa Jua, umefika juu ya mawingu yake na kurudishwa. Kwa hiyo mng'ao wa Zuhura ni kipimo cha kile ilichokikataa, na kilichokataliwa hakipashi kitu joto.

Zuhura iko karibu zaidi na Jua kuliko sisi, kwa umbali wa takriban asilimia 72 ya umbali wetu. Mwanga wa Jua unapofika kwake una nguvu karibu maradufu ya ule unaofika kwetu: wati 2,600 kwa kila mita mraba inayolielekea Jua moja kwa moja, wakati sisi tunapata 1,361. Hata hivyo, ukitoa ule unaorudishwa, Zuhura hubaki na joto la Jua pungufu kuliko Dunia. Ukiipima kwa chombo kilicho mbali angani, kwa kuangalia joto inalotoa tu, utasoma nyuzi 44 chini ya sifuri. Dunia, kwa kipimo hichohicho, husoma nyuzi 18 chini ya sifuri. Na chini kabisa, kwenye mawe ya Zuhura, joto ni nyuzi 464, kiasi cha kuyeyusha risasi.

Namba hizo hazipingani. Ili kuona zinavyokaa pamoja, lazima tufanye hesabu ya mapato na matumizi ya sayari, na bahati nzuri hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu.

Sayari inaelea katika utupu. Haigusani na kitu cha kuipokonya joto wala haina upepo wa nje wa kuipooza. Njia iliyobaki ya kupoteza joto ni moja tu: kulitoa kama mnururisho, miale isiyoonekana kwa macho ambayo kila kitu chenye joto huitoa, hata ukuta, hata mwili wa mtu. Jua huleta, mnururisho huondoa. Kinacholetwa kikizidi kinachoondoka, sayari inapanda joto, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyotoa zaidi, mpaka pande mbili zilingane. Kinacholetwa kikipungua, inapoa hadi zilingane tena. Hakuna anayesimamia mizani hiyo, inajirekebisha yenyewe.

Inajirekebisha kwa nguvu kwa sababu ya kanuni iliyopatikana Viyena mwaka 1879. Josef Stefan alikuwa akipitia vipimo vya John Tyndall, mwanafizikia wa Ailandi aliyepima mnururisho wa waya wa platini uliochomwa kwa umeme. Waya ule ulipofika kama nyuzi 1,200 ulitoa mnururisho mara 11.7 ya ule uliotoa ukiwa na nyuzi 525. Stefan alizihesabu halijoto hizo kuanzia sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri yetu ya kawaida, akapata 1,473 na 798. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha zidisha jibu kwa lenyewe mpaka liwe limejitokeza mara nne: unapata 11.6. Hapo ndipo alipodai kwamba mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto. Miaka mitano baadaye Ludwig Boltzmann, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliithibitisha kanuni hiyo kwa nadharia. Vipimo vya Tyndall havikuwa safi sana, na Stefan alibahatika kiasi, lakini kanuni imesimama hadi leo.

Kwa maneno ya kikokotoo: kila mita mraba ya kitu chenye halijoto T hutoa wati 0.0000000567 zidisha T mara nne. T huhesabiwa kwa kelvini, vipimo vinavyoanzia sifuri halisi. Ukitaka kurudi kwenye nyuzi za Selsiasi, toa 273.

Sasa tuje kwenye mapato. Zile wati 1,361 zinazofika kwetu ni za mita mraba iliyosimama ikilitazama Jua uso kwa uso. Dunia si bapa. Nusu yake iko gizani, na kwenye ile nusu yenye mchana, mwanga huanguka wima mahali pachache tu. Kwingine huanguka kwa mshazari na kutawanyika. Chukua chungwa, chora duara kwa kulizungushia kalamu, kisha limenye. Maganda yake yatajaza maduara manne kama hilo. Mwanga unaonaswa na sayari ni ule wa duara moja, yaani ukubwa wa kivuli chake, lakini joto hutoka kwenye ganda lote. Ndiyo maana 1,361 hugawanywa kwa 4, na wastani wa kila mita mraba ya Dunia, mchana na usiku, ikweta na ncha, ni wati 340.

Kati ya wati hizo 340, takriban 100 hurudi angani bila kufanya kazi yoyote. Mawingu hurudisha sehemu kubwa kuliko vyote, kisha hewa yenyewe, theluji, barafu na mchanga wa majangwa. Sehemu hiyo inayorudi, ambayo kwetu ni kama asilimia 29, wanafizikia huiita albedo. Tunaweza kuiita uakisi wa sayari. Zinabaki wati 240 za kulipwa kwa mnururisho. Andika:

240 ÷ 0.0000000567, utapata kama 4,233,000,000. Bonyeza alama ya kipeuo cha pili (√) mara moja, upate 65,060. Bonyeza tena, upate 255.

Kelvini 255 ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo huitwa halijoto fanisi ya Dunia. Wengi wakiisikia huichukulia kuwa halijoto ya dunia ya kufikirika, dunia isiyo na hewa. Mimi naona maelezo hayo yanapotosha. Ukiondoa hewa utaondoa na mawingu, na uakisi wa asilimia 29 utakwenda nao. Hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Namba 255 ni ya Dunia hii tunayoishi, na imepimwa. Setilaiti zilizobeba vyombo vya kupima mnururisho zimekuwa zikisoma joto linalotoka Duniani kwa miaka mingi, na wastani wake ni kama wati 240 kwa mita mraba. Kitu kinachotoa kiasi hicho kina halijoto fanisi ya 255, liwe limetoka ardhini au kwingineko.

Na kwa kweli sehemu kubwa inatoka kwingineko. Ardhi na bahari, kwa wastani wa nyuzi 15, hutoa wati zipatazo 390 kwa kila mita mraba. Mvuke wa maji na kabonidioksidi huinasa sehemu kubwa ya miale hiyo njiani, jambo ambalo Tyndall huyohuyo alilionyesha maabara mwaka 1859, na hewa hiyo nayo hutoa miale yake, mingine ikielekea juu na mingine ikirudi chini. Kinachofanikiwa kutoroka kabisa hutoka hasa juu zaidi, mahali ambapo hewa imeshapungua. Ukipanda kilometa 5 hivi, karibu na kimo cha Kilimanjaro, ndipo unapokuta hewa yenye wastani wa nyuzi 18 chini ya sifuri. Halijoto fanisi inasema juu ya tabaka lile ambalo joto huliaga sayari. Haisemi lolote, peke yake, juu ya ardhi.

Turudi Zuhura na kikokotoo kilekile. Wati 2,600 gawanya kwa 4 ni 650. Uakisi wake ni kama asilimia 76, kwa hiyo 494 zinarudishwa na 156 zinabaki. Linganisha na 240 zetu. Sayari iliyopewa karibu maradufu imebaki na theluthi mbili tu ya tulichobaki nacho sisi. Gawanya 156 kwa 0.0000000567, bonyeza kipeuo mara mbili, upate 229. Toa 273: nyuzi 44 chini ya sifuri.

Kinachorudisha mwanga wote huo ni mawingu ya matone ya tindikali ya salfa, aina ileile iliyo kwenye betri za magari, yaliyoifunika Zuhura yote bila kuacha upenyo, kati ya kilometa 48 na 70 hivi juu ya ardhi. Matone hayo madogo hayali mwanga unaoonekana. Huurusha huku na huku mpaka sehemu kubwa itoke ilikoingilia. Joto la Zuhura huondokea sehemu za juu za mawingu hayo, na huko ndiko kuliko na baridi ya nyuzi 44.

Katika miaka ya 1920 Edison Pettit na Seth Nicholson, wakitumia darubini kubwa ya Mlima Wilson huko Kalifornia, walifanikiwa kupima joto linalotoka Zuhura. Walipata baridi, chini ya kiwango cha maji kuganda. Wakati huo wengi waliifikiria Zuhura kama dada wa Dunia aliyejifunika mawingu ya mvua. Svante Arrhenius, mkemia wa Uswidi aliyekuwa na Tuzo ya Nobeli, alikuwa ameieleza kuwa nchi ya vinamasi na mimea tele. Kipimo cha Pettit na Nicholson hakikuwa na kosa. Kilipima vilele vya mawingu, na kuhusu vilele vya mawingu kilisema kweli.

Mwaka 1956 wataalamu wa maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani walielekeza antena kwenye Zuhura na kupokea mawimbi ya redio ya urefu wa sentimita 3. Mawimbi hayo hupenya mawingu. Nguvu yake ilikuwa ya kitu chenye kelvini kama 600. Hapo ukazuka ubishi wa haki kabisa: joto hilo ni la ardhi, au ni elektroni za tabaka la juu la angahewa zinazopiga kelele za redio? Njia ya kuamua ilikuwa kutazama pembeni mwa sayari. Kelele zikitoka juu, pembeni pangeng'aa zaidi, kwa sababu unatazama kupitia unene mkubwa zaidi wa tabaka hilo. Joto likitoka chini, pembeni pangefifia, kwa sababu miale inayotoka huko hupita kwenye hewa nyingi zaidi iliyo baridi. Tarehe 14 Desemba 1962 chombo cha Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura na kukuta pembeni pamefifia. Miaka minane baadaye, Desemba 1970, Venera 7 ya Warusi ilitua na kutuma kipimo cha kama nyuzi 475 kabla haijanyamaza.

Sasa tazama ukubwa wa pengo. Ardhi yenye nyuzi 464 hutoa karibu wati 16,700 kwa kila mita mraba. Zinazotoka nje ya sayari ni 156. Mwanga wa Jua unaofika hadi ardhini kule ni mchache sana, kama wati 17. Kinachoilinda hali hiyo ni hewa nzito, karibu yote kabonidioksidi, yenye mgandamizo mara 90 hivi ya wetu. Tabaka linalotoa joto liko juu mno, na ukishuka kutoka hapo kuelekea ardhini hewa inazidi kubanwa na kupata joto kilometa kwa kilometa. Duniani unashuka kilometa 5 na kupata nyuzi 33 zaidi. Zuhura unashuka kilometa 60 na zaidi, na unapata zaidi ya 500. Ukaribu na Jua hauchangii chochote katika tofauti hiyo ya leo, maana tumeshaona kwamba Zuhura inakula jua kidogo kuliko sisi.

Uakisi wenyewe una mtego unaowanasa hata waliosoma. Uakisi unaoingia kwenye hesabu hii ni wa mwanga wote wa Jua, wa kila rangi pamoja na ule tusiouona, na wa kila upande unaorudishiwa. Ukipiga picha ya sayari na kupima mng'ao wake, umepata rangi chache kutoka upande mmoja. Karibu nusu ya nishati ya Jua iko nje ya rangi za upinde wa mvua. Msitu, kwa mfano, unaonekana wa giza kwa macho lakini majani hurudisha sehemu kubwa ya miale iliyo ng'ambo kidogo ya nyekundu. Bahari hurudisha kama asilimia 6 tu Jua likiwa utosini, lakini likiwa linazama hurudisha zaidi sana. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80, na ikichakaa na kuchafuka hupungua.

Kosa dogo hapo si dogo. Uakisi wa Dunia ukibadilika kwa asilimia 1, kutoka 29 hadi 30, mapato yanapungua wati 3.4. Kwa sababu ya kile kipeo cha nne, badiliko la halijoto kwa asilimia ni robo ya badiliko la wati kwa asilimia: 3.4 kati ya 240 ni asilimia 1.4, robo yake ni 0.35, na asilimia 0.35 ya kelvini 255 ni takriban nyuzi 0.9. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, salfa iliyorushwa juu ya mawingu ya kawaida iligeuka matone madogo ya tindikali, ndugu wa yale ya Zuhura, na yakaenea duniani kote. Kwa miezi kadhaa Dunia ilirudisha wati chache zaidi kwa kila mita mraba, na mwaka uliofuata wastani wa joto ukashuka kama nusu nyuzi. Haukushuka zaidi kwa sababu bahari ni nzito kupoa, na matone yalikuwa yameanza kudondoka kabla hazijapoa kikamilifu.

Hesabu hii ina mipaka yake, na Mwezi unaonyesha mmoja. Uakisi wake ni kama asilimia 11, nayo hesabu inatoa kelvini 270, yaani nyuzi 3 chini ya sifuri. Lakini Mwezi hauna hewa ya kusambaza joto: adhuhuri kwenye ikweta yake hufika nyuzi 120, usiku hushuka chini ya 150 chini ya sifuri. Kwa kuwa sehemu za moto hutoa mnururisho kupita kiasi, ndizo zinazolipa karibu deni lote, na wastani halisi wa halijoto ya uso wake huwa chini sana ya 270. Mshtarii nayo inaonyesha mpaka mwingine. Jua likihesabiwa peke yake lingeipa kelvini kama 110, lakini kipimo cha joto linalotoka ni 124, kwa sababu sayari hiyo bado inatoa joto la kuzaliwa kwake. Kwa Dunia joto la kutoka ndani halifiki hata moja ya kumi ya wati kwa mita mraba, kwa hiyo tunaliacha bila hofu.

Leo hesabu hii hutumika zaidi kwa sayari za nyota nyingine, ambako umbali kutoka kwenye nyota hujulikana na uakisi mara nyingi haujulikani. Majedwali ya sayari hizo huwa na safu ya halijoto iliyokokotolewa kwa uakisi wa kudhania, ama sifuri ama ule wa Dunia. Tuipe Zuhura uakisi wa Dunia tuone. Wati 650 toa asilimia 30 ni 455. Gawanya, bonyeza kipeuo mara mbili: kelvini 299, nyuzi 26. Ukiidhania kuwa haiakisi kabisa, nyuzi 54. Mnajimu wa mbali angeiweka Zuhura kwenye orodha ya mahali pazuri pa kuishi, huku mnururisho wake halisi ukiwa wa 44 chini ya sifuri na mawe yake yakiwa na 464.

Ndiyo maana kupima kunapendelewa kuliko kukokotoa, pale inapowezekana. TRAPPIST-1 ni nyota ndogo nyekundu iliyo umbali wa miaka 40 hivi ya mwanga, na sayari yake ya ndani kabisa inaaminika kuigeuzia nyota upande mmoja siku zote. Kama ingekuwa na hewa nene ya kusambaza joto hadi upande wa usiku, upande wake wa mchana ungekuwa na kelvini kama 400. Kama ni mwamba mtupu mweusi, ungekuwa na 508. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilisubiri sayari hiyo ipite nyuma ya nyota yake, ikapima mnururisho uliopungua, na jibu likawa karibu 503.